Shajara ya mradi: picha mbili, maji mamoja

Jumamosi, 2 Machi 2024

Shajara hii imeanza kwa sababu ya ngalawa iliyolala mchangani. Alhamisi tulikuwa tunarudi kutoka nje ya mwamba, saa 4 kasoro asubuhi, tukakuta maji yameshatutangulia kutoka. Chombo kikagota chini tukiwa bado mbali na nyumba. Tulibeba samaki mabegani, tukakiacha chombo pale mpaka baada ya alasiri maji yalipokirudia. Baba hakusema neno. Alikuwa amechelewa nusu saa tu, kwa sababu dema la mwisho lilikuwa limenasa kwenye jiwe.

Sisi tunakaa Jambiani, upande wa mashariki wa Unguja. Huku pwani ni tambarare ndefu ya mchanga na nyasi za bahari, kisha mwamba, na baada ya mwamba ndiyo bahari kuu. Maji yakiwa yamejaa, ngalawa inapita popote. Yakipwa, watoto wanacheza mpira pale ulipopita na tanga. Kwa hiyo mvuvi wa hapa anaishi na masaa mawili: la kutoka kabla maji hayajamkimbia, na la kurudi baada ya maji kumrudia.

Baba huyajua masaa hayo kwa kuhesabu siku za mwezi kwa vidole. Hakosei sana. Lakini nusu saa ya Alhamisi imetugharimu siku nzima, na mimi nina picha mbili kwenye simu: moja ni ya jedwali la maji la bandari ya Zanzibar, niliyoletewa na rafiki, na nyingine ni ya kalenda ya mwezi ya mwaka 2024, niliyoipiga ukutani dukani. Nimemwomba Baba tuzisome pamoja kwa mwezi mmoja mzima, tukilinganisha na bahari yenyewe. Amekubali kwa sharti moja: kila kitakachoandikwa kiwe tumekiona kwa macho.

Jinsi jedwali lilivyo: kila tarehe ina mistari minne, au mitatu siku moja moja. Kila mstari una saa kwa tarakimu nne na kimo kwa mita. Namba kubwa ni kujaa, ndogo ni kupwa. Saa ni za mzunguko wa 24, kwa hiyo ninaondoa sita kupata saa yetu: 1650 ni saa 10:50 jioni. Picha imekatwa juu, kichwa cha ukurasa hakipo, ila pembeni yanaonekana maneno `TIME ZONE -0300`. Nilidhani maana yake ni kuondoa saa tatu katika kila mstari. Baba akaniuliza, "Ukiondoa, bamvua litajaa saa ngapi?" Bamvua ni zile siku maji yanapojaa sana na kupwa sana. Nikamwambia saa 7 usiku na saa 7 mchana. Akatikisa kichwa. "Bamvua la hapa hujaa saa kumi, alfajiri na jioni. Tangu babu yako." Basi saa za jedwali ni za kwetu tayari. Ile -0300 inamhusu anayetaka kuzirudisha kwenye saa za Griniwichi.

Jumatano, 6 Machi

Leo tumepotea, na ni mimi niliyetupoteza.

Jedwali lilisema maji yatapwa saa 3:45 asubuhi mpaka chini ya nusu mita. Kwa kimo hicho madema yetu ya ndani, yaliyo kwenye mkondo kabla ya mwamba, tunayafuata kwa miguu. Baba alisema, "Mimi leo nahesabu kupwa ni mapema zaidi, na maji si makavu." Nikamwonyesha namba. Akavaa kandambili zake akanifuata.

Tulipofika maji yalikuwa kiunoni na yanaingia. Siyo yaliyosimama: nyasi za bahari zilikuwa zimelala kuelekea nyumbani, na povu dogo linapita pajani mwetu likikimbilia ufukweni. Yalikuwa yameanza kujaa kitambo. Baba alizamia mara mbili akainua dema moja, tasi wanne. Mengine tukayaacha.

Njiani Mama yuko barazani anatengeneza kamba za mwani. Nikamwambia jedwali limetudanganya, lilisema bamvua liko karibu. Akacheka kidogo. "Bamvua gani? Mimi shambani sijashuka tangu wiki iliyopita. Ningekaa hapa kama lingekuwepo?"

*Usiku.* Tumekaa chini ya taa, simu mbili kando kwa kando. Kwenye moja jedwali, kwenye nyingine kalenda ya mwezi. Yafuatayo nayaandika kwa urefu, maana hapa ndipo kosa lilipokuwa.

Kalenda ina vidoto: cheusi ni siku mwezi usipoonekana kabisa, cheupe ni mwezi mpevu, na vya nusu nyeusi nusu nyeupe ni robo. Kwa Machi, cheusi kiko tarehe 10, robo ya kwanza tarehe 17, cheupe tarehe 25. Baba alikigeuzageuza kidoto cha robo. "Mbona huu mwezi wao umesimama wima? Kwetu mwezi mchanga hulala kama dau." Ni kweli, vidoto hivyo vimechorwa kama mwezi unavyoonekana kwa watu wa kaskazini ya mbali. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, na mwezi mchanga unatua umelala chali. Umbo tukaliacha, tukashika tarehe.

Kisha nikamtafutia kwenye jedwali siku zenye tofauti kubwa kati ya kujaa na kupwa. Zikaangukia tarehe 8 na 9, halafu 22 na 23. Siku zenye tofauti ndogo kabisa, yaani maji mafu, zikawa 16 na 17.

Baba akanyamaza. Akaniambia nimsomee tena kalenda. Cheusi, 10. Robo, 17. Cheupe, 25.

"Na bamvua la jedwali lako?"

"Tarehe 9."

"Kabla ya cheusi?"

"Kabla, Baba. Kwa siku moja."

"Na mafu?"

"Tarehe 16."

"Kabla ya robo." Akaiweka simu chini. "Mwanangu, maji humfuata mwezi. Hayamtangulii. Mwezi ukifa leo, bamvua linakuja kesho au kesho kutwa. Sijapata kuona maji yaliyomtangulia."

Shuleni tulifundishwa nusu ya jambo hili: jua na mwezi vikiwa kwenye mstari mmoja, mwandamo na mpevu, vinavuta pamoja na maji yanakuwa makubwa, mwezi ukiwa robo vinavuta kwa pembe mbalimbali, maji yanakuwa mafu. Hatukuambiwa kwamba bahari huchelewa kuitika. Kwenye pwani yetu inachelewa siku moja mpaka mbili. Ndiyo sababu ya kauli ya Baba, na ndiyo kipimo cha kuvikagua vipande hivi viwili vya karatasi: bamvua la jedwali likitangulia kidoto cha kalenda, kimoja kati ya viwili si cha mwaka huu.

Kalenda ina mwaka wake umeandikwa wazi. Jedwali kichwa chake kimekatwa. Nikaikuza picha mpaka ikaanza kufanya vigae vigae, nikitafuta herufi ndogo zilizo chini ya kila tarehe, kifupi cha siku ya juma kwa Kiingereza. Chini ya 12 zinasomeka `SU`, Jumapili. Mwaka huu tarehe 12 Machi ni Jumanne. Mwaka jana, 2023, ilikuwa Jumapili.

Tumekuwa tukisoma maji ya mwaka jana.

Lililonitisha ni jinsi kosa hili linavyojificha. Mwezi wa mwaka jana ulipevuka tarehe 7 Machi, wa mwaka huu unakufa tarehe 10, na maji hayajali kama ni mpevu au mwandamo. Kwa hiyo jedwali la zamani limepishana na la sasa kwa siku tatu hivi tu. Lingepishana kwa wiki nzima, lingesema mafu siku ya bamvua na tungelijua papo hapo. Siku tatu zinaonekana kama makosa ya kawaida ya mtu, na ndani yake mna zaidi ya saa mbili za maji. Saa mbili ndizo zile za kiunoni.

Ijumaa, 8 Machi

Jana nilikwenda mjini nikapiga picha jedwali la 2024 mwenyewe. Safari hii nimepiga ukurasa mzima kwanza, kichwa na mwaka vikionekana, ndipo nikasogea karibu na Machi. Nimesimama ubavuni ili mwanga wa dirisha using'ae kwenye karatasi.

Hata hivyo mstari mmoja una alama ya kidole, sijui kama ni 0.1 au 0.7. Baba kanionyesha njia bila kuiona picha: "Jana na kesho zinasemaje?" Vimo vya kupwa vya siku zinazofuatana hushuka na kupanda polepole, kama ngazi. Siku ya kabla yake ni 0.2, ya baada yake ni 0.1. Saba isingekaa hapo. Na saa nazo zinajikagua zenyewe: kutoka kujaa mpaka kujaa kunakofuata ni saa 12 na dakika kama 25, kwa hiyo kila siku maji huchelewa kidogo kuliko jana, dakika thelathini na kitu wakati wa bamvua, na zaidi ya saa nzima wakati wa mafu.

Tumelinganisha na kalenda. Cheusi 10, bamvua 11 na 12. Robo 17, mafu 18 na 19. Cheupe 25, bamvua 26 na 27. Maji yako nyuma ya mwezi. Baba akasema, "Sasa hili ni la kwetu."

Jumapili, 10 Machi

Baba ana swali ambalo sikulijibu vizuri tangu siku ya kwanza. "Wanasema maji mita nne. Mita nne za wapi? Mbele ya nyumba yangu hayajapata kunipita kichwa."

Jibu ni kwamba namba hizo hazipimi kina cha mahali pako. Zinapimwa kutoka kwenye usawa mmoja wa chini sana, karibu na pale yanapofika maji ya kupwa makubwa kabisa, na usawa huo ndio sifuri ya ramani za baharini. Mchanga wa mbele ya nyumba uko juu ya sifuri hiyo. Juu kiasi gani, karatasi haisemi. Lazima tupime.

Tumesimika nguzo ya mkoko pale inapolala ngalawa, tumeipaka alama za rangi kila sentimita 10 kuanzia mchangani. Kesho maji yatakapofika kilele, nitasoma nguzo na Baba atashika simu. Kimo cha jedwali ukikiondoa kimo cha nguzo, kinachobaki ndicho kimo cha mchanga wetu juu ya sifuri. Tunapima maji yakiwa yamejaa, si yakiwa yamepwa, kwa sababu yakijaa bahari ya nje na maji ya ndani ya mwamba ni kitu kimoja. Yakipwa, mwamba huyazuia ya ndani, na nguzo ingesoma mambo ya mwamba badala ya bahari.

Mwezi wenyewe umekufa leo saa 6 mchana. Wengine kijijini wanauliza kama utaonekana jioni hii. Baba anasema hauwezi: mwezi wa saa sita tu tangu kufa hauonekani. Kesho.

Hapa nimegundua kwa nini hesabu yake na kalenda hazisomeki sawa. Mosi ya Baba ni usiku ule mwezi unapoonekana kwa macho. Cheusi cha kalenda ni pale mwezi unapokutana na jua, siku moja au mbili kabla. Baba akisema "bamvua ni mwezi mosi na pili", na kalenda ikionyesha bamvua siku moja au mbili baada ya cheusi, wanasema siku zilezile.

Jumatatu, 11 Machi

Alfajiri, saa 10 na nusu. Giza, umande mzito, maji yamekaribia ngazi ya nyumba. Kilele kwenye jedwali ni mita 4.1. Kwenye nguzo nimesoma mita 2 kamili, taa mdomoni, viwimbi vikipanda na kushuka nami nikichukua katikati yake. Mchanga wetu basi uko mita 2.1 juu ya sifuri.

Ngalawa yetu ikiwa na watu wawili na madema inazama kama sentimita 30. Kwa hiyo inaelea pale jedwali linapofika 2.4. Baba ameikariri namba hii siku nzima kama mtu anayekariri deni.

Hesabu ya leo naiandika yote, nikizizungusha namba kidogo kwa wepesi. Kupwa ni saa 4:45 asubuhi kwa 0.1. Kujaa tena ni saa 10:50 jioni kwa 4.1. Maji yatapanda mita 4 kwa saa sita na dakika chache. Hayapandi sawasawa: mabaharia huyagawa mafungu kumi na mawili. Saa ya kwanza huingia fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Baba hakuhitaji kufundishwa hili, kasema tu, "Yanaamka, yanakimbia, yanachoka." Mita 4 kwa mafungu 12 ni sentimita 33 kila fungu. Baada ya saa tatu yameingia mafungu sita, mita 2, jumla 2.1. Bado sentimita 30, na saa ya nne inaleta mita nzima, kwa hiyo ni dakika 20 zaidi. Saa 4:45 jumlisha saa tatu na dakika 20, na dakika chache za kuzungusha: kama saa 8:10 mchana ngalawa itaelea.

Imeelea saa 8:15. Nilikuwa nimekaa kwenye mrengu wake, nikahisi imetikisika.

Magharibi mwezi umeonekana, mwembamba, umelala. Watu wamepiga takbiri ufukweni. Kesho tunafunga.

Jumanne, 12 Machi

Siku ya kwanza ya Ramadhani. Tumetoka mara baada ya sala ya alfajiri, maji yakiwa bado tele, na kukaa nje ya mwamba tukisubiri kurudi. Leo nilitaka kujua jambo moja: mlango wa mwamba unageuka saa ngapi.

Kupwa kwa jedwali ni kama saa 5:15 asubuhi. Nilidhani saa 5:20 mkondo wa mlangoni utaanza kuingia, tupite nao mpaka kwenye kina cha ndani na kungoja huko, penye utulivu. Ilipofika saa 5:20 nikamwambia Baba tutweke. Akanionyesha kwa kidevu. Mlangoni maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu, yamekunjamana kama ngozi ya pweza, na yanakutana na mawimbi ya nje yakisimama wima. Ngalawa ingeingia pale ingepigwa kwenye jiwe.

"Jedwali linasema bahari imeanza kupanda," nikasema.

"Bahari imeanza. Ndani hakujaisha kumwagika."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwamba ni kama ukingo wa beseni. Nje kiwango cha bahari kilikuwa kinapanda taratibu, lakini maji yaliyobaki ndani yalikuwa bado juu yake, na yataendelea kutoka kwa mlango mpaka viwango vilingane. Tulifunga kamba kwenye boya la dema tukangoja. Mkondo ulisimama saa 6 na dakika chache, ukageuka. Baba akatia pondo tukapita bila kugusa.

Nimeandika kwa wino mzito: jedwali ni la bandari, na bandari haina mwamba mbele yake. Kujaa kwake tunakutumia kama kulivyo. Kupwa kwake ni kwa bahari ya nje tu. Mlangoni tunaangalia maji.

Jumanne, 19 Machi

Maji mafu. Kujaa 2.7, kupwa 1.5. Bahari imesimama tu, inapumua. Mama yuko nyumbani, mwani wake hauonekani.

Kwa mafu hesabu ni nyingine. Tofauti ni mita 1.2, kila fungu sentimita 10. Kutoka 1.5 mpaka 2.4 yetu ni mafungu tisa, yaani saa nne kamili tangu kupwa. Kwa hiyo ngalawa inaelea saa mbili tu kabla ya kilele na saa mbili baada yake, na hata kwenye kilele chini yake pana sentimita 30. Upepo wa nchi ukisukuma maji nje kidogo, hizo sentimita zinapungua. Wakati wa bamvua tunapata zaidi ya saa tano za kuelea, na mafu ndiyo yanayotufunga. Sikuwahi kuliwaza hivyo. Nilidhani hatari yetu ni bamvua, kwa sababu ndilo linalokausha pwani.

Baba amehamisha nanga. Kwa siku za mafu ngalawa italala hatua sitini mbele zaidi, kwenye mchanga ulio chini. Tumepima huko pia: 1.7.

Jumatano, 27 Machi

Bamvua la mpevu. Siku tano zilizopita Baba alisema litakuwa sawa na la mwandamo, "bamvua ni bamvua". Jedwali likasema hapana: 3.7 badala ya 4.1. Tumesoma nguzo jioni hii pamoja na jirani mmoja shahidi. Mita 1.6.

Baba amekaa kwenye mrengu muda mrefu, akiiangalia alama ya rangi isiyofikiwa. Nimemweleza nilichokipata: mwezi hauko mbali nasi sawa siku zote. Tarehe 10, siku ulipokufa, ulikuwa kama kilomita 357,000 kutoka hapa. Tarehe 23 ulikuwa kama 406,000. Ukiwa karibu unavuta zaidi. Mwaka huu mwandamo wa Machi umeangukia siku ya ukaribu, mpevu umeangukia umbali. Mwaka mwingine itageuka. Na Machi yenyewe, kama Septemba, huleta mabamvua makubwa kwa sababu jua liko juu ya ikweta.

"Kwa hiyo ile miaka niliyosema bahari imekasirika bila sababu," akasema, "mwezi ulikuwa umesogea."

"Naam, Baba."

Akaomba simu. Ameikuza picha ya kalenda kwa vidole viwili, kama alivyoniona nikifanya, mpaka Aprili. Cheusi, tarehe 8, usiku. Akahesabu kwa kidole gumba juu ya vidole vingine. Mwezi hauwezi kuonekana usiku uleule, utaonekana tarehe 9. Idi tarehe 10.

"Idi itaangukia bamvua," akasema. "Watu watataka samaki wa Idi asubuhi, na asubuhi pwani itakuwa kavu." Akahamia kwenye jedwali, akashuka na ukucha mpaka tarehe 10, akasoma mwenyewe, polepole, tarakimu moja moja: saa, kisha kimo. Akaondoa sita. Akaondoa saa tatu nyingine, na kidogo juu yake.

"Tuwe tumerudi kabla ya saa moja na nusu," akasema. "Andika."